Waliojitenga na Sayyidna Ali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Dhambi Kubwa na Uimamu

## Mwanzo wa mambo

Hawa waliojitenga walikuwa akina nani, na kwa nini wana majina mengi?

Walikuwa watu wa jeshi la Sayyidna Ali (r.a.) mwenyewe, wengi wao wa Kufa na Basra, na wengi wa kabila la Tamim. Kati yao walikuwamo wasomaji wa Kurani waliojulikana kwa kufunga na kusimama usiku. Walipigana upande wake katika vita vya Siffin mwaka 37 Hijria (657 Miladia), kisha wakamwacha.

Kila jina lao linaeleza jambo moja. Waliitwa Muhakkima kwa sababu ya tamko lao, "laa hukma illa lillah", yaani hakuna hukumu ila ya Mwenyezi Mungu. Waliitwa Maharuri kwa kijiji cha Harura karibu na Kufa, walikokwenda kwanza. Wenyewe walipenda kuitwa Shurati, "waliojiuza", kwa maana kwamba wameziuza nafsi zao kwa Mungu kama inavyotajwa katika Al-Baqara aya ya 207. Jina la Khawariji, "waliotoka", ndilo lililoenea zaidi, na hutumiwa kwa makundi yanayotofautiana mno. Kwa hiyo ukurasa huu unawaita Muhakkima wale wa mwaka 37 na 38, na waliokuja baadaye unawataja kwa majina ya makundi yao.

Siffin kulitokea nini hasa?

Jeshi la Muawiya, gavana wa Shamu aliyekuwa akipigana na Sayyidna Ali, liliinua misahafu kwenye mikuki na kutaka Kitabu kiamue. Wengi katika jeshi la Sayyidna Ali walimshikilia asimamishe vita, naye akasimamisha. Yakakubaliwa mapatano kwamba kila upande utoe mwamuzi: Abu Musa al-Ashari kwa upande wa Iraki, na Amr bin al-As kwa upande wa Shamu.

Al-Ashath bin Qays alipokuwa akipita kwa makabila kuwasomea hati ya mapatano, mtu wa Tamim aitwaye Urwa bin Udayya alipinga: vipi mnawafanya watu kuwa waamuzi katika dini ya Mungu? Hapo ndipo lile tamko liliposikika. Walipokuwa njiani kurudi Kufa, maelfu hawakuingia mjini pamoja na khalifa wao. Walishika njia ya Harura.

Je, tamko lao lilikuwa na maana kwamba hawataki serikali?

Sayyidna Ali mwenyewe aliliogopa hilo. Jibu lake ni mashuhuri: ni neno la haki lililokusudiwa batili. Alisema ni kweli hukumu ni ya Mungu, lakini hawa wanasema hakuna uongozi, na watu hawana budi kuwa na kiongozi, awe mwema au mwovu.

Lakini ukitazama matendo yao, hawakuishi bila kiongozi. Huko Harura walimteua mara moja Shabath bin Rib'i kuongoza vita na Abdallah bin al-Kawwa kuongoza sala. Wakatangaza kwamba bai'a ni ya Mwenyezi Mungu, na kwamba baada ya ushindi jambo litakuwa la shura. Walichokuwa wakikataa ni mtu kujipa, au kupewa na wenzake, ruhusa ya kuamua jambo ambalo kwa imani yao Mungu ameshaliamua. Jambo lenyewe limeelezwa katika swali linalofuata.

## Dhambi kubwa

Mapatano ya kusimamisha vita yaligeukaje kuwa dhambi, tena dhambi ya kumtoa mtu katika imani?

Hapa ndipo penye kiini, na inafaa kufuata hoja yao hatua kwa hatua, maana kila hatua ina mashiko yake.

Walianza na Al-Hujurat aya ya 9: makundi mawili ya waumini yakipigana, yapatanisheni, moja likilidhulumu jingine, lipigeni vita lile linalodhulumu mpaka lirejee kwenye amri ya Mungu. Kwao, Muawiya na watu wa Shamu walikuwa kundi lililodhulumu, kwa kuwa walimwasi imamu aliyepewa bai'a. Na walikuwa hawajarejea. Basi hukumu yao ilikwisha kutajwa katika aya: wapigwe mpaka warejee. Kuwaita watu wawili wakae waamue tena ni kuifungua hukumu iliyokwisha kufungwa.

Hatua ya pili ni Al-Maida aya ya 44: wasiohukumu kwa aliyoyateremsha Mungu, hao ndio makafiri. Waliichukua kwa dhahiri yake. Aliyeacha hukumu ya Al-Hujurat na kushika hukumu ya Abu Musa na Amr amehukumu kwa kingine.

Hatua ya tatu ndiyo iliyofunga mlango. Imani kwao haikuwa kusadiki moyoni peke yake. Matendo ni sehemu ya imani yenyewe. Jengo likitolewa nguzo haliitwi tena jengo. Mwenye kufanya kubwa na akaendelea nalo bila kutubu hakubaki muumini mwenye kasoro. Ametoka. Na hatua ya nne inafuata yenyewe: asiye muumini hawezi kuwa Amiri wa Waumini.

Ndiyo maana kwao dhambi na uongozi havikuwa masuala mawili. Uimamu ulisimama juu ya imani, imani juu ya matendo, na tendo moja likitosha kuiangusha imani, linatosha kuuangusha na uimamu.

Lakini si wao wenyewe waliomlazimisha kukubali usuluhishi?

Baadhi yao ndiyo, na hawakulikana hilo. Walisema: tulikosea, kwa kosa lile tukakufuru, kisha tukatubu, nawe kiri kama tulivyokiri, utubu kama tulivyotubu, turudi nawe vitani. Kwa hiyo mlango wa toba ulikuwa wazi hata kwa kosa waliloliita ukafiri, na mwenye kutubu alirudi alivyokuwa.

Kwa upande wa Sayyidna Ali, hilo halikuwezekana. Kukiri kosa la rai ni jambo moja. Kujishuhudia ukafiri ni jingine. Aliwauliza: baada ya kumwamini Mungu na kupigana jihadi pamoja na Mtume (s.a.w.), nijishuhudie kwamba nimekufuru? Tena alikwisha kuahidi. Mapatano yalikuwa yametiwa saini, na Kurani inaamrisha kutimiza ahadi. Kwao ahadi juu ya jambo la haramu haifungi; kwake hilo halikuwa haramu.

Ibn Abbas aliwajibu nini?

Ibn Abbas, binamu yake Sayyidna Ali, alitumwa naye kujadiliana nao. Hakubishana nao juu ya tamko. Aliwaonyesha kwamba Kurani yenyewe imewapa watu hukumu katika mambo mahususi. Mwenye kuua mnyama wa kuwinda akiwa katika ihramu, waadilifu wawili ndio wanaohukumu fidia yake (Al-Maida, 95). Mume na mke wakihitilafiana, hutumwa mwamuzi mmoja kutoka kwa jamaa za mume na mmoja kutoka kwa jamaa za mke (An-Nisaa, 35). Je, damu za Waislamu hazistahili zaidi kuliko sungura aliyewindwa?

Walilalamika pia kwamba katika hati ya Siffin Sayyidna Ali alikubali kufuta cheo cha Amiri wa Waumini mbele ya jina lake. Ibn Abbas akawakumbusha Hudaibiya, ambako Mtume (s.a.w.) alikubali maneno "Mtume wa Mungu" yafutwe kwenye hati, na kufutwa huko hakukumwondolea utume.

Wengi walirejea baada ya majadiliano hayo. Waliobaki walijibu kwa hoja ambayo haifai kupuuzwa: fidia ya mawindo na ugomvi wa ndoa, Mungu amewaachia watu waamue, adhabu ya mzinifu na mwizi hakuwaachia, na kundi linalodhulumu liko upande huo wa pili. Ugomvi wa kweli ulikuwa hapo, katika kupanga jambo la Siffin liingie fungu gani.

Je, wote walisema mwenye dhambi kubwa ni mushriki?

Hapana. Kosa hili hukutwa hata katika vitabu vya madrasa. Muhakkima wa mwanzo walisema "amekufuru" bila kufafanua ni ukafiri wa namna gani, kwa sababu walikuwa wakizungumzia jambo moja lililokuwa mbele yao. Ufafanuzi ulikuja mwaka 64 Hijria (683–684), walipogawanyika.

Nafi bin al-Azraq alikwenda mbali kuliko wote. Kwa wafuasi wake, Maazariqa, mwenye dhambi kubwa ni mushriki, na hata mwenye rai kama yao aliyebaki nyumbani bila kuhamia kambini kwao ni kafiri vilevile. Najda bin Amir alilegeza kidogo. Alimpa udhuru mwenye kukosea kwa kutojua, na uzito akauweka kwenye kung'ang'ania dhambi: anayeshikilia dhambi ndogo ni mbaya zaidi kuliko aliyeteleza kwenye kubwa bila kuishikilia.

Upande wa tatu ulikataa kabisa neno shirki. Hao walisema kuna ukafiri wa shirki na kuna ukafiri wa neema, yaani kukana neema za Mungu kwa kumwasi. Muislamu mwenye dhambi kubwa yuko katika huo wa pili. Jina la Abdallah bin Ibadh limeshikamana na njia hii. Matokeo yake yamo katika maswali mawili, la ndoa na mirathi na lile la Maibadhi.

Tofauti ya "kafiri wa shirki" na "kafiri wa neema" inabadilisha nini katika maisha?

Inabadilisha karibu kila kitu. Ukimwita jirani yako mushriki, huwezi kumwoza binti yako, hamrithiani, huli alichochinja, na vitani damu na mali yake ni halali. Maazariqa walifuata hayo mpaka mwisho, ndiyo maana walilazimika kuishi katika kambi yao peke yao.

Ukimwita kafiri wa neema, anabaki ndani ya umma. Mnaoana, mnarithiana, anaoshwa na kusaliwa akifa, na mali yake haiwi ngawira. Kinachoondoka ni walaya, ule upenzi wa kidini unaowafungamanisha waumini, na mahali pake huja baraa, kujitenga naye kwa moyo mpaka atubu. Anayesoma habari hizi akaona neno "kufuru" tu, asiulize ni lipi, atawatia kapu moja watu waliokuwa wakipingana.

## Uimamu

Nani alistahili kuwa imamu?

Muumini yeyote mwadilifu na mwenye elimu, Mkureshi au asiye Mkureshi, hata mtumwa wa Kihabeshi. Hili liliwatenganisha na Waislamu wengi wa wakati ule, ambao waliuona ukhalifa kuwa wa Makureshi, na pia na wale walioufunga kwenye nyumba ya Mtume (s.a.w.).

Uchaguzi wao wa kwanza wa imamu kamili unaonyesha roho yao. Katika Shawwal mwaka 37, walipokuwa wanajiandaa kwenda Nahrawan huko Iraki, ambako baadaye walipigana na Sayyidna Ali, walimpa uimamu Zayd bin Hisn, akakataa. Wakampa Hurqus bin Zuhayr, akakataa. Hamza bin Sinan na Shurayh bin Awfa nao wakakataa. Ndipo Abdallah bin Wahb ar-Rasibi akaupokea, akisema hauchukui kwa tamaa ya dunia wala hauachi kwa kuogopa mauti. Hakuwa Mkureshi, alikuwa wa Azdi, na alijulikana kwa sugu za kusujudu mwilini mwake.

Imamu akifanya dhambi kubwa inakuwaje?

Anatakiwa atubu. Akitubu anabaki; akikataa, bai'a imevunjika, na ni wajibu kumwondoa, hata kwa upanga. Kwa kipimo hiki ndivyo walivyowahesabu makhalifa waliopita. Abu Bakr na Umar (r.a.) waliwakubali moja kwa moja. Uthman (r.a.) walimkubali katika miaka yake ya mwanzo na kumkataa katika ya mwisho. Sayyidna Ali walimkubali mpaka Siffin.

Kipimo kinasikika kizuri, lakini kina pengo: ni nani mwenye mamlaka ya kutamka kwamba imamu amefanya dhambi kubwa na hakutubu? Hawakuwa na kadhi wa jambo hilo, wala utaratibu wa ushahidi. Kila kundi lenye panga lilijifanya kadhi. Kisa cha Qatari, hapo chini, ndicho mfano ulio wazi kuliko yote.

Je, ni lazima awepo imamu?

Wengi wao walisema ndiyo. Wafuasi wa Najda wamenukuliwa wakisema kwamba watu wakitendeana haki wenyewe kwa wenyewe hawamhitaji. Wakiona haja, wamsimamishe. Najda mwenyewe alitawala Yamama na Bahraini, na mwaka 72 aliuawa na watu wake.

Mwanamke aliweza kuwa imamu?

Rai hiyo inanasibishwa na wafuasi wa Shabib bin Yazid, aliyepigana na Hajjaj, gavana wa Bani Umayya, huko Iraki mnamo mwaka 77. Ghazala, aliyeingia naye Kufa na kusali msikitini humo, ndiye anayetajwa. Haikuwa rai ya Muhakkima wa mwanzo.

## Pale mambo yalipoharibika

Kisa cha Ibn Khabbab kinatufundisha nini juu ya fikra zao?

Ni kisa kizito, na riwaya zinakieleza hivi. Kundi lililotoka Basra kwenda Nahrawan lilikutana na Abdallah bin Khabbab, mtoto wa sahaba, akiwa na mkewe mjamzito. Wakamhoji kwa mpangilio: wasemaje juu ya Abu Bakr na Umar? Akawasifu. Juu ya Uthman, mwanzo wake na mwisho wake? Akamsifu. Juu ya Ali, kabla ya usuluhishi na baada yake? Akasema yeye anamjua Mungu zaidi kuliko nyinyi. Wakamwua, na mkewe wakampasua tumbo.

Riwaya hizohizo zinasema kwamba muda mfupi kabla ya hapo mmoja wao aliokota tende iliyoanguka chini ya mtende akaitia kinywani, wenzake wakamkemea akaitema, kwa kuwa hakuinunua. Mwingine aliua nguruwe wa dhimi, wakamtafuta mwenye mali wakamridhisha. Wasomaji wengi huona hapo unafiki tu. Lakini kwa hesabu yao hapakuwa na mgongano: tende ina mwenyewe na dhimi ana ahadi, ama Muislamu aliyeikiri "dhambi" kwa kinywa chake amejivua kinga zote. Hatari ya hukumu yao iko hapo hasa, kwamba iliweza kumwacha mtu mwangalifu wa tende na kumtoa huruma ya mjamzito. Waandishi wa Kiibadhi huwatenga watu wa Nahrawan na mauaji haya, na huyaweka juu ya Mis'ar bin Fadaki na wachache waliokuwa naye.

Je, Sayyidna Ali aliwapiga vita kwa sababu ya itikadi yao?

Hapana, na hili ni muhimu kulijua. Walipokuwa wakimkatiza kwa tamko lao msikitini Kufa, aliwaahidi mambo matatu: hatawazuia misikiti, hatawanyima fungu lao la mali ya umma maadamu mikono yao iko pamoja naye, na hatawaanza kwa vita. Alikwenda Nahrawan baada ya mauaji ya Ibn Khabbab. Aliwataka wawatoe wauaji. Wakajibu kwamba wote wamewaua. Hata hapo Abu Ayyub al-Ansari alisimamisha bendera ya amani, na waliotaka wakaondoka. Farwa bin Nawfal aliondoka na watu 500. Waliobaki na Ibn Wahb waliuawa karibu wote, katika Safar mwaka 38 (658). Mwaka 40, Abdurrahman bin Muljam alimpiga upanga Sayyidna Ali huko Kufa.

Qatari aliondolewa kwa kosa gani?

Qatari bin al-Fujaa aliwaongoza Maazariqa kwa miaka mingi huko Uajemi, na sarafu zake ziliandikwa lile tamko la Siffin. Gavana wake mmoja wa Kirman alimwua mtu wa kundi lao. Watu wakadai kisasi. Qatari akakataa: yule alifasiri akakosea, nami sioni auawe.

Pima neno hilo. Udhuru wa "alifasiri akakosea" ndio waliomnyima Sayyidna Ali. Wafuasi wa Qatari hawakuukubali hata kwa imamu wao. Wengi walimvua na kumpa bai'a Abd Rabbih al-Kabir, wakapigana wao kwa wao, na Muhallab bin Abi Sufra, jemadari wa Bani Umayya, akawamaliza wale wa Abd Rabbih. Qatari aliuawa Tabaristan mnamo mwaka 78 au 79.

Je, hakukuwa na waliokuwa na msimamo huohuo bila kumwaga damu za watu?

Walikuwapo. Abu Bilal Mirdas bin Udayya, ndugu yake yule Urwa wa Siffin, aliona utawala wa Ibn Ziyad huko Basra ni wa dhuluma, lakini akaharamisha kumwua mtu kwa rai yake. Alitoka na watu wapatao 40, akitangaza kwamba hatamnyooshea upanga ila anayempiga. Walipokuta msafara wa mali ya serikali walichukua posho zao walizostahili tu, iliyobaki wakaiacha ipite. Aliuawa mwaka 61.

## Kutoka Nahrawan mpaka Zanzibar

Maibadhi wa Oman na Zanzibar ni Khawariji?

Wenyewe wanalikataa jina hilo, na wana hoja. Wanawaheshimu watu wa Nahrawan na Abu Bilal, na wanaona usuluhishi wa Siffin ulikuwa kosa. Lakini Khawariji kwao ni Maazariqa na wenzao, waliowaita Waislamu mushriki na kuhalalisha damu zao, na mafundisho yao yaliandikwa katika kupingana na hao.

Juu ya dhambi kubwa walishika ukafiri wa neema. Jambo linalowatofautisha na majirani zao Mashafii ni la Akhera: kwa Maibadhi, aliyekufa na dhambi kubwa bila toba hatoki motoni, kwa Masunni, Muislamu huyo yuko chini ya matakwa ya Mungu (An-Nisaa, 48), na hata akiadhibiwa hukaa kwa muda tu. Duniani hapa hukumu haziachani. Ndiyo maana Unguja, chini ya masultani wa Kiibadhi, makadhi wa Kiibadhi na wa Kishafii waliweza kuhukumu katika mji mmoja, na watu wakasali katika misikiti ya wenzao.

Na uimamu wa kuchaguliwa uliendelea?

Uliendelea. Oman ilimsimamisha Julanda bin Masud mwaka 132 (750), na huko Tahert, Algeria ya leo, alichaguliwa Abdurrahman bin Rustam, mtu wa asili ya Kiajemi. Fikihi ya Kiibadhi iliongeza kitu ambacho Nahrawan hawakuwa nacho: hali nne za uimamu. Kuna kudhihiri, jamii inapokuwa huru, kujitetea, inaposhambuliwa, kujiuza, wachache wanapojitolea kupigana, nao hutaka angalau watu 40, hesabu inayokumbusha kundi la Abu Bilal, na kujificha, nguvu inapokosekana. Katika hali ya kujificha hakuna wajibu wa kutoka kwa upanga, hata mtawala awe dhalimu. Mtu anaweza kukaa chini ya dola asiyoikubali, akawafunza watu dini yake kimyakimya kama Abu Ubayda Muslim bin Abi Karima alivyofanya Basra, wala asiitwe kafiri kwa kukaa kwake.